Kodeini na Mgongo Usiopona

Maumivu ya mgongo huitwa sugu yakishapita miezi mitatu. Sehemu inayolalamikiwa zaidi ni ya chini, ile ambayo wengi huiita kiuno, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo. Kwa walio wengi, takriban tisa kati ya kumi, daktari akichunguza hapati pingili iliyovunjika, wala uvimbe, wala maambukizi. Kipimo cha MRI kinaweza kuonyesha diski iliyochomoza au pingili zilizolika, lakini hayohayo huonekana kwa watu wazima wengi ambao mgongo haujawahi kuwauma. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kurudi nyumbani na bahasha ya picha, na maumivu yake yakabaki bila maelezo.

Mgongo ulioteguka jana na mgongo unaouma mwaka wa tatu si tatizo moja. Ule wa jana una jeraha dogo kwenye msuli au kano, na jeraha hilo hupona lenyewe baada ya siku au wiki chache. Katika maumivu sugu jeraha la mwanzo huwa limepona zamani, au halimo tena katika hesabu. Kinachobaki ni mishipa ya fahamu iliyozoea kupeleka taarifa ya maumivu hata kwa mguso mdogo, misuli ya mgongo na tumbo iliyodhoofika kwa kukaa bila kazi, usingizi mbovu, na hofu ya kuinama. Kidonge kinaweza kupunguza sauti ya maumivu kwa saa nne au sita. Hakijengi msuli, hakimrudishii mtu usingizi wake, na hofu hubaki palepale.

Vidonge vinavyonunuliwa kwa ajili ya mgongo bila cheti cha daktari ni vya aina tatu. Ya kwanza ni parasetamoli, ambayo kila nyumba ina karatasi yake mahali fulani. Ya pili ni dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki. Ya tatu, ambayo watu huiita kali, ni mchanganyiko: parasetamoli au ibuprofeni ikiwa imeongezwa kodeini, wakati mwingine na kafeini. Mchanganyiko huo huuzwa katika famasia za Uingereza, na pia Afrika Kusini na Kenya, ambako mteja huuomba kwa jina la pakiti bila kujua kwamba ndani yake kuna dawa ya jamii ya afyuni.

Kodeini yenyewe haitulizi maumivu kwa kiasi kikubwa. Ikifika kwenye ini, sehemu yake ndogo, takriban moja ya kumi, hugeuzwa kuwa mofini, na ni mofini hiyo inayofanya kazi. Kazi hiyo ya kugeuza hufanywa na kimeng'enya ambacho watu hawajajaliwa sawa. Kuna ambao ini lao haligeuzi karibu chochote, nao humeza kodeini na kupata ukavu wa choo tu. Wengine hugeuza nyingi na kwa haraka, na kipimo cha kawaida kwao kinaweza kuwa kikubwa mno. Watu wa kundi hili la pili wameonekana kwa wingi katika uchunguzi uliofanywa Ethiopia, ambako walizidi robo ya waliopimwa. Mtu hawezi kujijua yuko upande gani kwa kujitazama. Hiyo ni sababu mojawapo ya kodeini kukatazwa kwa watoto walio chini ya miaka 12 na kwa mama anayenyonyesha, kwani mofini hupita kwenye maziwa.

Mofini iliyotokana na kodeini hukaa kwenye vipokezi vya ubongo na uti wa mgongo na kuzuia taarifa ya maumivu isipite. Kwa siku tatu nne jambo hilo huenda vizuri. Ikimezwa kila siku, vipokezi hupungua usikivu, na kipimo kilekile huanza kufanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Mtu aliyepata nafuu ya saa sita sasa anapata saa tatu. Anaongeza kidonge, mwili nao unazoea kiwango kipya. Hatua hiyo inaitwa ustahimilivu, na haihitaji tabia mbaya wala udhaifu wa nia. Humpata kila anayetumia dawa za aina hii kwa muda wa kutosha.

Baada ya hapo hufuata utegemezi. Dawa ikichelewa, mwili uliozoea kutulizwa hulipuka upande wa pili: pua inatiririka, miayo haiishi, vinyweleo vinasimama, tumbo linaharisha, usingizi unakimbia, na viungo vyote vinauma, mgongo na miguu kwanza. Vijana wa vijiweni huita hali hiyo arosto. Mwenye maumivu ya mgongo hana neno hilo kichwani. Anachohisi ni kwamba kiuno kinauma kuliko siku zote, kwa hiyo mgongo wake lazima uwe umeharibika zaidi, kwa hiyo dawa inahitajika zaidi. Anameza, na baada ya dakika 40 kiuno kinatulia. Ushahidi gani mwingine autafute? Lakini sehemu kubwa ya maumivu aliyoyatuliza yaliletwa na kukosa dozi iliyotangulia. Kuna na jambo la ziada ambalo madaktari wa maumivu wanalijua vizuri: kwa baadhi ya watu, dawa za jamii ya afyuni zikitumiwa kwa muda mrefu huufanya mwili wenyewe kuwa mwepesi wa kuumia, hata mguso ambao zamani haukuwa kitu ukawa maumivu.

Dalili za kujua kwamba matumizi yameshageuka utegemezi ni za kawaida sana, na mara nyingi wa nyumbani huziona kabla ya mhusika. Kidonge humezwa kabla maumivu hayajaja, kwa tahadhari. Pakiti huwekwa kwenye mkoba, kwenye gari na kazini. Famasia hubadilishwa ili muuzaji asihoji. Humezwa pia kwa ajili ya kulala, au kwa ajili ya kukabili siku mbaya, mgongo ukiwa haujauma kabisa. Na asubuhi, kabla ya dozi ya kwanza, pua hutiririka kama ya mwenye mafua.

Hadi hapa ingeonekana kwamba hatari yote iko kwenye kodeini. Kwa dozi za dukani sivyo. Kodeini ndiyo inayomvuta mtu aongeze vidonge, lakini kinachomlaza hospitali aghalabu ni dawa iliyofungwa pamoja nayo. Hesabu ya mfano mmoja inalionyesha hilo vizuri kuliko maelezo.

Tuseme mhudumu wa wazee, mzaliwa wa Mombasa, anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee nchini Uingereza. Ni kazi ya kunyanyua na kugeuza miili mizito mchana na usiku. Mgongo unamuuma, hana siku ya kumwona daktari, anaingia famasia na kununua vidonge vya ibuprofeni na kodeini. Kila kidonge kina miligramu 200 za ibuprofeni na miligramu 12.8 za kodeini. Lebo inasema visizidi sita kwa siku, na visimezwe zaidi ya siku tatu. Vidonge sita ni miligramu 1,200 za ibuprofeni na takriban 77 za kodeini. Kiasi hicho hakina tatizo kubwa kwa mtu mzima mwenye afya, kikikoma siku ya tatu.

Hakikomi. Baada ya miezi michache ustahimilivu umempeleka kwenye vidonge 12, na baada ya mwaka viko 24. Sasa kodeini yake ni miligramu 307 kwa siku, sawa na takriban miligramu 30 za mofini ya kumeza. Ni nyingi, lakini mwili wake umeizoea, na kwa sababu hiyo yeye mwenyewe haoni hatari. Ibuprofeni iliyoandamana nayo imefika miligramu 4,800, mara nne ya kiwango cha lebo na mara mbili ya kiwango cha juu kabisa ambacho daktari angemwandikia. Kwa ibuprofeni mwili haujengi ustahimilivu. Tumbo na figo hulipa kila kidonge.

Tumbo hutangulia. Ibuprofeni huzuia utengenezaji wa kemikali ambazo, pamoja na kuleta uvimbe na maumivu, ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo dhidi ya tindikali. Ngozi hiyo ikikosa kinga huchubuka, kidonda huingia, na kidonda kikifikia mshipa damu huvuja. Mara nyingi uvujaji huwa wa polepole: mtu anachoka, anapauka, anahema akipanda ngazi, na kinyesi chake kinakuwa cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali. Wapo wanaovuja bila tumbo kuuma, kwa kuwa wanameza dawa ya maumivu kila saa chache. Kidonda kinaweza hata kutoboka.

Kwa figo hadithi ni ya kimyakimya zaidi, na ina mzunguko mmoja unaostahili kuelezwa taratibu. Ibuprofeni nyingi huweza kuharibu uwezo wa figo wa kutoa tindikali kwenye mkojo. Hali hiyo ikitokea, madini ya potasiamu hupotea kwa mkojo, na kiwango chake katika damu kikishuka sana misuli hulegea. Kwa kawaida miguu na mapaja ndiyo huhisi kwanza. Mhudumu wetu anashindwa kuinuka kwenye kiti, miguu inamlegea ngazini, naye anafikiri ni mgongo umezidi na sasa umebana mishipa. Anaongeza vidonge. Daktari asiyeuliza juu ya dawa za dukani naye anaweza kuagiza picha ya mgongo, ikatoka na diski iliyochomoza kama za watu wengine, na ukweli ukapotelea hapo. Kipimo rahisi cha damu cha potasiamu na cha utendaji wa figo kingeufichua. Matukio ya aina hii yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2022 Wakala wa Dawa wa Ulaya uliagiza maelezo ya vidonge vya ibuprofeni na kodeini yaongezewe onyo la madhara makubwa ya figo na tumbo, hata ya vifo, kwa wanaovitumia kupita kiasi na kwa muda mrefu.

Mchanganyiko wa parasetamoli na kodeini unaelekea kwenye ini. Kidonge cha dukani cha Uingereza kina miligramu 500 za parasetamoli na 8 za kodeini, na kikomo cha mtu mzima ni vidonge vinane kwa siku, yaani gramu nne za parasetamoli. Anayefikia vidonge 16 ili kupata kodeini ya kumtosha amemeza gramu nane. Parasetamoli ikizidi uwezo wa ini, sehemu yake hugeuka sumu inayoua seli za ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza asihisi chochote zaidi ya kichefuchefu. Macho yakishakuwa ya manjano muda bora wa tiba umepita. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo na inafanya kazi vizuri ikitolewa mapema, kwa hiyo aliyezidisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anajisikia mzima. Wanaokunywa pombe sana, waliokonda na wasiokula vizuri wanaweza kudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Pombe ina ubaya wa pili: pamoja na kodeini, na hasa vikichanganywa na dawa za usingizi, huweza kupunguza pumzi hadi mtu asiamke.

Tanzania, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, dawa ya mgongo inayoombwa sana kwenye duka la dawa ni diklofenaki, peke yake au ikiwa imechanganywa na parasetamoli, na kuna wanaokwenda kuchomwa sindano yake kila mgongo unapokaza. Diklofenaki haina afyuni na haileti arosto. Inaleta mazoea ya namna nyingine, ya mtu asiyeanza siku bila kidonge kwa sababu hajawahi kujaribu kuianza bila hicho. Madhara yake kwa tumbo na figo ni ya ukoo mmoja na ibuprofeni, na kwa moyo ni mazito zaidi; kwa sababu ya moyo, Uingereza iliviondoa vidonge vya diklofenaki kwenye mauzo ya bila cheti mwaka 2015. Anayehitaji kujihadhari kuliko wote ni mwenye presha. Akiwa anameza dawa ya presha ya kundi la enalaprili au losatani, na pamoja nayo ile ya kukojoza, kisha akaongeza diklofenaki kwa ajili ya kiuno, dawa tatu hizo kwa pamoja hupunguza msukumo wa damu ndani ya figo. Akiharisha au akitoka jasho jingi shambani bila kunywa maji, figo zinaweza kusimama. Presha yenyewe pia hupanda, na daktari asiyejua habari ya diklofenaki humwongezea dawa ya presha.

Pamoja na hatari zote hizo, faida ingekuwa kubwa mtu angeweza kupima na kuchagua. Faida ni ndogo. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye maumivu mapya ya kiuno waliopewa parasetamoli walipona baada ya siku 17, na waliopewa kidonge kisicho na dawa walipona baada ya siku 16. Mwaka 2023 jarida hilohilo lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 347 wenye maumivu ya kiuno au shingo yasiyozidi wiki 12. Nusu walipewa dawa ya jamii ya afyuni yenye nguvu kuliko kodeini. Baada ya wiki sita hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu, na mwaka ulipotimia walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kutumia dawa hizo vibaya. Ikiwa dawa hizi hazikusaidia mgongo ulioanza kuuma juzi, hakuna sababu ya kutegemea kwamba zitausaidia ulioanza mwaka juzi. Mwongozo wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotolewa Desemba 2023, unashauri dawa za jamii ya afyuni zisitumike kama tiba ya kawaida. Dawa za kundi la ibuprofeni zimeachwa kwenye orodha ya zinazoweza kutumika, nazo ni kwa dozi ndogo inayotosha na kwa siku chache, maumivu yanapopanda.

Serikali zimejaribu kufunga mlango. Uingereza mwaka 2009 ilipunguza pakiti za kodeini zinazouzwa bila cheti zisizidi vidonge 32, na ikaagiza pakiti ziandikwe kwamba dawa hiyo huleta uraibu na ni ya siku tatu tu. Australia ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Februari 2018 kodeini ya aina yoyote haiuzwi huko bila cheti. Pakiti ndogo, ikisemwa kweli, humsumbua mnunuzi wa mara moja kuliko mwenye utegemezi, ambaye keshajua famasia zote za mtaa.

Kuacha kunategemea mtu amefika wapi. Aliyetumia kwa siku chache huacha tu. Aliyemeza vidonge sita kwa siku kwa miezi kadhaa anaweza kupunguza kidonge kimoja kila wiki, vizuri zaidi akiwa na daktari au mfamasia anayemfuatilia, na baada ya wiki sita akawa amemaliza. Daftari humsaidia kuliko azma: aandike saa na idadi, kwa sababu mtu mwenye maumivu hasahau kumeza bali husahau kwamba amemeza. Wiki ikiwa ngumu abaki kwenye idadi ileile wiki nyingine moja, bila kurudi juu. Anayekatiza ghafla hupata arosto kati ya saa nane na 24 baada ya dozi ya mwisho. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja hivi. Katika siku hizo mgongo utauma zaidi, na mtu akijua mapema kwamba ni arosto inayopita, hana haja ya kuamini kwamba mgongo umevunjika.

Aliyefika vidonge 24 asijaribu peke yake. Kumpunguzia kidogokidogo kwa vidonge vilevile ni kumwachia ibuprofeni ya kupindukia kwa miezi mingine kadhaa, kwa hiyo daktari humtenganishia: ibuprofeni husimamishwa siku ileile, damu hupimwa, tumbo hupewa dawa ya kupunguza tindikali, na kodeini huandikwa peke yake ili ipunguzwe kwa mpango. Wengine huhamishiwa methadoni au buprenofini. Tanzania imekuwa na kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tangu 2011. Ilianzishwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, lakini utaalamu wa utegemezi wa afyuni ni mmoja. Aliyekwisha kuacha akumbuke kwamba ustahimilivu umeondoka pamoja na dawa, na dozi aliyoimudu mwezi uliopita inaweza kumuua leo.

Tiba ya muda mrefu ya mgongo sugu haina mvuto wa kidonge, na nafuu yake ni ya wastani. Iliyo na ushahidi mzuri zaidi ni mwendo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliopangiwa kutembea na kuelekezwa na mtaalamu wa viungo walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, kwa kipimo cha mtu wa katikati. Wasiopangiwa walikaa siku 112. Lengo lilikuwa kufikia dakika 30 mara tano kwa wiki baada ya miezi sita. Wao walikuwa wameshapona, na mwenye maumivu ya kila siku asitarajie hesabu ileile, ila njia ya kuanza ni hiyohiyo.

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kipimo cha siku njema. Mgongo ukitulia, mtu hufua nguo zote, hulima robo eka, hutembea hadi mjini. Kesho yake halali wala haketi, na anahitimisha kwamba mazoezi yanamdhuru. Kipimo kichukuliwe kutoka siku mbaya. Ikiwa siku mbaya anaweza kutembea dakika kumi kabla maumivu hayajapanda, aanze na nane, kila siku, siku njema asizidishe na siku mbaya asiache. Kila baada ya siku tatu nne aongeze dakika moja. Kwa mwendo huo, miezi mitatu inatosha kumfikisha nusu saa. Maumivu yakiongezeka kidogo na kurudi chini ndani ya siku moja hayana neno. Yakibaki juu hadi kesho kutwa, nyongeza ilikuwa kubwa.

Pamoja na mwendo, mtaalamu wa viungo hufundisha mazoezi ya misuli ya tumbo, mgongo na makalio, na kila mtu hupewa yanayolingana na kazi yake. Mhudumu wa wazee atafunzwa kutumia shuka la kutelezesha na mashine ya kunyanyulia badala ya kiuno chake. Anayefagia kwa ufagio mfupi atafungiwa mpini mrefu, na dereva wa lori atashuka kila baada ya saa mbili. Ushauri wa kisaikolojia nao umo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Maumivu hayo ni ya kweli, na hofu na usingizi mbovu huyakuza. Mwongozo huohuo unashauri mikanda ya kiuno na mitambo ya kuvuta mgongo isitumike, ingawa mikanda inauzwa kila kona.

Kuna mgongo mmoja ambao kutembea hakutoshi, na dawa kali huuficha mpaka umechelewa. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, kama Tanzania, Kenya na Kongo, ugonjwa huo huingia pia kwenye pingili, ukazila polepole kwa miezi. Dalili zake ni maumivu ya mahali pamoja yanayozidi usiku, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na mgonjwa anaweza kumaliza mwaka akinunua vidonge huku pingili zikisagika. Kwa mwanamume mzee maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia hata akilala yanaweza kuwa saratani ya tezi dume iliyoenea kwenye mifupa. Hao wapimwe mapema, ndani ya siku chache. Mwenye ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, aliyeshindwa kukojoa au kuzuia haja, au ambaye miguu yake inazidi kulegea, aende hospitali leo, na amwonyeshe daktari pakiti zote za dawa anazomeza, za dukani zikiwemo.